"Nikilipwa, Nitakulipa": Mkandarasi Mkuu Ashughulikie Vipi Invoisi za Wakandarasi Wadogo?

Umepata kandarasi ya kujenga madarasa matatu hapa Bura. Kazi ya chuma, yaani madirisha, milango na trasi za paa, umempa fundi mwenye karakana yake. Kazi ya maji umempa fundi bomba. Kuchimba msingi umempa mwenye mashine. Kila mmoja ana mkataba nawe, na katika kila mkataba kuna sentensi inayofanana na hii: "Mkandarasi mdogo atalipwa baada ya mkandarasi mkuu kupokea malipo kutoka kwa mwenye kazi."

Wiki ya tano, invoisi ya fundi wa chuma inaingia kwa simu. Unaiangalia, unakumbuka ile sentensi, unamjibu: "Subiri kaunti ilipe." Halafu unaisahau.

Wateja wetu wengi wanaofanya kazi za ujenzi hutuandikia kuhusu jambo hili, wengine wakiwa upande wa kulipa na wengine upande wa kudai. Katika somo hili tunaangalia upande wa anayelipa. Tutaeleza kile kipengele kinakulinda na nini, kinaishia wapi, na hatua za kufuata tangu siku invoisi inapoingia hadi pesa inapotoka kwenye simu yako. Tutafanya hesabu moja kamili ili uone kila shilingi inaenda wapi.

Kipengele hiki kinasema nini hasa

Wengi hukiita "nikilipwa, nitakulipa". Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mkandarasi mkuu wa kawaida hana mtaji wa kubeba kazi ya watu wote mpaka mwenye kazi alipe. Kipengele kinagawanya mzigo wa kusubiri: pesa ikichelewa juu, kila mtu chini yake anasubiri kidogo.

Hapa Tana River kusubiri huko si jambo dogo. Kazi ya kaunti ikishakaguliwa, cheti cha malipo hupita kwa mhandisi, kikaingia kwenye mfumo wa IFMIS, kisha kaunti ikasubiri pesa zitoke Hazina ya Taifa kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na cheti ambacho hakijalipwa kufikia hapo kinaweza kugeuka kuwa deni la mwaka unaofuata. Kazi kubwa zaidi, kama zile za skimu ya umwagiliaji ya Bura ambayo ilianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970, zina ngazi nyingi zaidi kati ya pesa na mtu anayeshika koleo.

Lakini soma ile sentensi tena polepole. Inasema utalipa *lini*. Haisemi kwamba *hutalipa*. Deni lipo tangu siku fundi alipomaliza kazi na ukaikubali. Kinachosubiri ni tarehe tu. Hii ndiyo tofauti ambayo wakandarasi wengi hawaioni, na ndiyo inayoleta ugomvi.

Kuna mikataba mingine inayokwenda mbali zaidi na kusema, "mkandarasi mdogo hatakuwa na haki ya malipo *isipokuwa* mwenye kazi amelipa." Hapo mkandarasi mdogo anabebeshwa hatari yote: mwenye kazi akifilisika au akikataa, yeye anapoteza. Maneno ya aina hiyo yanatakiwa yawe wazi kabisa, na hata yakiwa wazi, nchi nyingine zimeyakataa. Uingereza, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 1996 inayoviondolea nguvu vipengele vya aina hii kwenye kazi za ujenzi, isipokuwa pale mwenye kazi wa juu anapofilisika. Kenya haina sheria ya ujenzi kama hiyo, kwa hiyo kwetu mkataba uliosaini ndio unaosomwa kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya kuuandika vizuri na kuufuata vizuri.

Maswali matatu kabla ya kusema "subiri"

Invoisi ikiingia, usiiangalie kama kitu kimoja. Igawanye mstari kwa mstari, na kila mstari uulize maswali matatu.

Swali la kwanza: *Je, kazi hii iko ndani ya cheti cha malipo cha mwenye kazi?* Kama mhandisi ameipima na kuiandika, mstari huo umeungana na pesa inayokuja. Kama haimo, uliza ni kwa nini.

Swali la pili: *Je, pesa ya mstari huu imeshaingia, yote au nusu?* Mwenye kazi hulipa kwa vipande mara nyingi. Kipande kikiingia, sehemu yake ni ya fundi. Huwezi kusubiri cheti kilipwe mpaka shilingi ya mwisho ndipo uanze kulipa watu.

Swali la tatu ndilo zito: *Kama haijalipwa, ni kwa sababu ya nani?* Kama mwenye kazi hajalipa kwa sababu Hazina imechelewa, kipengele kinakulinda. Kama hajalipa kwa sababu ya kosa lako mwenyewe, umechelewa kupeleka hesabu, umekosa stakabadhi ya ushuru, au kazi yako wewe imekataliwa, basi usijifiche nyuma ya kipengele. Ni kanuni ya kawaida ya mikataba kwamba mtu hawezi kufaidika na kosa lake mwenyewe. Fundi wa chuma hakusaini kusubiri uzembe wako. Alisaini kusubiri malipo ya mwenye kazi.

Tufanye hesabu

Turudi kwenye yale madarasa matatu. Huu ni mfano tuliouandaa, na bei zote hazina VAT ili hesabu ibaki nyepesi.

Fundi wa chuma ameleta invoisi ya shilingi 480,000. Ukiigawanya unapata mistari mitatu:

- Madirisha na milango ya madarasa yote: 300,000
- Trasi za paa, darasa la kwanza na la pili: 120,000
- Trasi za paa, darasa la tatu: 60,000

Unaichukua na kuilinganisha na cheti namba 2 cha mhandisi. Madirisha na milango imo. Trasi za madarasa mawili zimo. Trasi za darasa la tatu hazimo. Unapiga simu kwa mhandisi, anakuambia: "Trasi ziko sawa, lakini ule mkanda wa saruji ulio juu ya ukuta una nyufa. Siwezi kupitisha paa lililokaa juu yake." Mkanda ule ni kazi ya vijana wako.

Sasa una majibu. Shilingi 420,000 zimo kwenye cheti na zinasubiri pesa ya mwenye kazi. Shilingi 60,000 hazimo, na sababu ni yako. Hizo zinatakiwa zilipwe kwa muda wa kawaida wa mkataba, tuseme siku 30 tangu ulipoikubali invoisi, hata kama kaunti haijatoa senti.

Mkataba wenu pia una retensheni ya asilimia 10, yaani pesa inayozuiliwa mpaka kazi ithibitishwe kuwa haina kasoro. Kwa hiyo kwenye zile 420,000 unazuia 42,000 na kubaki na 378,000 za kulipa. Kwenye zile 60,000 unazuia 6,000 na kubaki na 54,000.

Wiki mbili baadaye, mwenye kazi analipa nusu ya cheti. Nusu ya 378,000 ni 189,000. Hiyo ndiyo sehemu ya fundi kwa leo. Nusu nyingine, 189,000, bado inasubiri.

Hapa kuna mtego mmoja ambao tunataka uuone. Cheti chako chote kilikuwa 2,400,000. Baada ya retensheni yako kwa mwenye kazi, kilichobaki ni 2,160,000, na nusu yake ni 1,080,000. Lakini ukiangalia benki unaona 1,047,600. Zile 32,400 zimeenda wapi? Mwenye kazi amekata ushuru wa zuio wa asilimia 3 kwa niaba ya KRA. Ushuru huo ni wako, na utauhesabu unapojaza ritani zako. Haujapungua malipo. Kwa hiyo usimwambie fundi kwamba umelipwa "asilimia 48 na nusu". Umelipwa nusu, na yeye apate nusu.

Ni hivyo hivyo kama mwenye kazi amekata malipo ya awali aliyokupa mwanzoni. Ile pesa ulishaipokea siku nyingi, labda ndiyo iliyonunua saruji. Kukatwa kwake leo si upungufu wa kumshushia fundi, isipokuwa kama naye ulimpa sehemu ya malipo hayo ya awali.

Sasa upande wako wa ushuru. Ukimlipa mkandarasi mdogo mkazi wa Kenya malipo ya kandarasi ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, unatakiwa kukata asilimia 3 na kuipeleka KRA ndani ya siku 5 za kazi. Asilimia 3 ya 189,000 ni 5,670. Unamtumia fundi 183,330, na cheti cha zile 5,670 anakipata kwa PIN yake kwenye iTax. Siku ya 30 ikifika, kwenye zile 54,000 unakata 1,620 na kumtumia 52,380.

Mwisho wa mwezi huo hali ni hii: kwa kazi ya 480,000, fundi amepata mkononi 235,710, ana ushuru wake wa 7,290 uliolipwa KRA kwa jina lake, retensheni ya 48,000 iko kwako kwa maandishi, na 189,000 zinasubiri nusu ya pili ya cheti. Jumlisha zote, utapata 480,000. Hesabu isipojumlika hivyo, tafuta kosa kabla fundi hajalitafuta.

Hatua sita, kwa mpangilio

*1. Ipokee kwa tarehe.* Siku invoisi inapoingia, mjibu fundi kwa ujumbe kwamba umeipata. Angalia kama ina namba, PIN ya KRA, jina la mradi na imetolewa kupitia eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki na KRA unapohesabu faida yako. Kama ina kasoro, irudishe siku hiyo hiyo. Kukaa na invoisi yenye kasoro wiki tatu halafu kuikataa ni njia ya haraka ya kupoteza hoja yako.

*2. Ikague ndani ya siku chache.* Mkataba mzuri husema siku 7. Nenda saiti, hesabu madirisha, pima trasi. Kama unakubali sehemu tu, andika unakubali kiasi gani na ni kwa nini usikubali kilichobaki. Kukubali ubora wa kazi na kulipa ni mambo mawili tofauti. Kipengele cha "nikilipwa" kinachelewesha malipo, hakicheleweshi ukaguzi.

*3. Iunganishe na cheti.* Andika kando ya kila mstari namba ya cheti cha mwenye kazi. Kama kazi ya fundi imekamilika kabla ya wewe kupeleka hesabu ya mwezi, hakikisha imo ndani ya hesabu hiyo. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: fundi amemaliza tarehe 20, mkandarasi mkuu amesahau kuiweka kwenye hesabu ya tarehe 25, inasubiri mwezi mzima mwingine. Mwezi huo ni wako, si wa mwenye kazi.

*4. Mwambie hali ilivyo.* Tuma ujumbe mfupi wenye namba. Kwa mfano wetu ungekuwa hivi:

> Habari fundi. Invoisi yako namba 014 ya 480,000 tumeikubali yote. 420,000 ziko kwenye cheti namba 2, zinasubiri malipo ya kaunti. 60,000 (trasi darasa la 3) haziko kwenye cheti kwa sababu ya kazi yetu, tutazilipa tarehe 30 bila kusubiri kaunti. Retensheni ni 10%. Nitakujulisha kila malipo yakiingia.

Ujumbe huu unachukua dakika tano kuuandika. Fundi anaweza kuupeleka kwa mwenye duka la chuma anayemdai, na mwenye duka akaelewa. "Subiri" haimsaidii mtu yeyote.

*5. Pesa ikiingia, gawa kwanza.* Weka kwenye mkataba idadi ya siku: ndani ya siku 7 baada ya kupokea pesa ya mwenye kazi, sehemu ya mkandarasi mdogo iwe imetoka. Siku inapoingia, kabla hujanunua mafuta wala hujalipa deni la saiti nyingine, piga hesabu ya kila mmoja na uitenge. Pesa ya fundi ikichanganyika na pesa ya matumizi haichukui muda kupotea. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

*6. Tuma kwa namba sahihi na uhifadhi ushahidi.* Tunalieleza hili hapa chini kwa urefu.

Kulipa kwa simu bila kuacha mashaka

Malipo ya simu yana ushahidi mzuri kuliko pesa taslimu, lakini ni kama utayaandika vizuri. Ukilipa kwa Paybill ya fundi, weka namba ya invoisi kwenye nafasi ya akaunti, si neno "kazi" au "malipo". Miezi sita baadaye neno "malipo" halitakuambia ni invoisi gani.

Usitume invoisi mbili kwa muamala mmoja. Kwenye mfano wetu, 183,330 ni muamala mmoja na 52,380 ni mwingine, kila mmoja na namba yake ya kumbukumbu. Ukizichanganya, fundi ataandika kwenye daftari lake kitu kimoja na wewe kingine.

Kumbuka pia viwango. Kwenye M-Pesa ya mtu binafsi, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Kwa hiyo pesa ya cheti isikae kwenye simu yako. Iache benki, na uhamishe kile unachotaka kulipa siku hiyo. Malipo makubwa kuliko kiwango yagawe kwa makubaliano, ukiandika "014 sehemu ya 1" na "014 sehemu ya 2", au yapitishe benki moja kwa moja.

Ukipata ujumbe unaosema "tumebadilisha namba ya malipo, tuma kwa hii", usitume. Piga simu kwa namba ya zamani unayoijua na usikie sauti ya fundi mwenyewe. Kisha kabla ya kuthibitisha, angalia jina linalotokea kwenye skrini kama ni lile lililo kwenye mkataba. Walaghai wanajua siku kaunti inapolipa kama unavyojua wewe.

Jambo jingine linalotokea mara kwa mara ni vibarua wa fundi kuja saiti kukudai wewe, kwa sababu fundi hajawalipa akisubiri pesa yako. Unaweza kuwalipa moja kwa moja ili kazi iendelee, lakini kwanza upate ujumbe wa fundi unaosema majina, kiasi, na kwamba kikatwe kwenye invoisi fulani. Bila ujumbe huo, fundi ana haki ya kusema hakukutuma, na utalipa mara mbili.

Kusubiri kuwe na mwisho

Kipengele kisicho na tarehe ya mwisho ndicho kinacholeta kesi. Mtu hawezi kuingoja kaunti miaka mitatu kwa dirisha aliloliweka mwaka wa kwanza. Kwa hiyo weka kikomo kwenye mkataba: "Ikiwa mwenye kazi hajalipa ndani ya siku 90 tangu cheti kutolewa, mkandarasi mkuu atalipa kwa pesa yake." Idadi ya siku ni makubaliano yenu. Kinachotakiwa ni kwamba iwepo.

Mkandarasi mkuu anaweza kuuliza: "Na mimi nitaitoa wapi?" Ndiyo sababu kikomo hicho kinaingia kwenye bei yako tangu mwanzo. Ukijua kwamba baada ya siku 90 mzigo ni wako, utaweka gharama ya kusubiri unapotoa bei, au utachukua kazi ndogo kidogo unayoimudu. Ukiacha kikomo, unakuwa umekopa kwa fundi bila riba na bila yeye kukubali. Fundi mwenye akili ataiongeza riba hiyo kwenye bei ya kazi inayofuata.

Kikomo hutatua pia jambo ambalo si kosa la yeyote. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Niño zilikata barabara za huku, na watu wa Garissa na Tana River wakabaki wametenganishwa na maji. Wakati kama huo mhandisi hawezi kufika saiti, kazi haikaguliwi, cheti hakitoki. Bila cheti, saa ya siku 90 haianzi. Kwa hiyo andika pia kwamba kama kazi imekaa siku 30 bila kukaguliwa ilhali iko tayari, utaichukulia kana kwamba cheti kimetoka. Piga picha zenye tarehe siku fundi anapomaliza. Hizo ndizo zitakazosimama mahali pa mkaguzi.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika kuhusu kikomo. La kwanza ni riba. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inazungumzia riba kwa malipo ya serikali yaliyochelewa. Ukiidai na ukaipata, sehemu inayotokana na pesa ya fundi ni ya fundi. La pili ni retensheni. Fundi wa msingi anamaliza mwezi wa kwanza, lakini retensheni yake ikifungwa kwa ukamilishaji wa jengo zima, atasubiri hadi rangi ipakwe na mwaka wa kasoro upite. Kwa kazi za mwanzo kama hizo, kubalianeni tarehe yake mwenyewe.

VAT haisubiri mtu

Tuliweka VAT kando kwenye hesabu, lakini kama mkandarasi mdogo amesajiliwa, lazima muiongelee. Kwa sheria ya VAT ya mwaka 2013, ushuru huu unahesabiwa kuanzia lile linalotangulia kati ya kazi kukamilika, cheti cha msimamizi kutolewa, invoisi kutolewa, au pesa kupokelewa. Haungoji pesa iingie. Maana yake fundi anaweza kutakiwa kulipa asilimia 16 KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa pesa ambayo wewe bado hujampa.

Usimwambie achelewesha tarehe ya invoisi ili kukwepa hilo, maana ni kumwingiza kwenye shida. Njia safi ni kukubaliana kwamba sehemu ya VAT pekee utailipa mapema, au kwamba vyeti vyako na vyake vitoke karibu karibu ili muda wa kubeba uwe mfupi.

Dalili kwamba mambo yameanza kuharibika

Angalia haya kwenye simu na daftari lako. Kama una invoisi za fundi zenye zaidi ya siku 14 ambazo hujazijibu, tayari umeshaanza kupoteza. Kama pesa ya cheti imeingia na baada ya wiki mbili hakuna mkandarasi mdogo aliyepokea kitu, hicho si "nikilipwa, nitakulipa" tena, ni "nimelipwa, sikulipi". Na kama fundi akikuuliza cheti namba 2 kimelipwa kiasi gani na huwezi kumjibu bila kwenda benki, daftari lako halifanyi kazi.

Fundi naye ana njia zake. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 anaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Hahitaji wakili. Atakachopeleka ni mkataba, invoisi, picha, na jumbe mlizoandikiana. Kama jumbe zako zote zinasema "subiri" tu, zitamsaidia yeye. Kama zinasema kiasi gani kimekubaliwa, kiko kwenye cheti gani, kimelipwa lini na kilichobaki kinasubiri nini, huenda mkamalizana nje bila kufika mbele ya hakimu.

Leo jioni chukua invoisi moja tu ambayo hujaijibu. Igawe mistari, iulize yale maswali matatu, na utume ujumbe wenye namba. Ukikuta mstari ambao mwenye kazi ameshaulipa, ulipe kabla hujalala, na uandike namba ya invoisi kwenye nafasi ya akaunti.